Kijani kilichogoma: kisa cha kupatanisha rangi ya misala Pemba

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kikundi cha akina mama wasukaji, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Majina ya watu, kijiji, maduka na mnunuzi yameondolewa, na namba za uakisi, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa na ukindu, zimekadiriwa hadi asilimia nzima. Mimi nasomesha kemia katika skuli ya sekondari ya jirani, na niliitwa baada ya sufuria la kwanza kuharibika.

Kikundi hupika rangi chenyewe. Ukindu ukishachanwa na kuanikwa juani mpaka ukapauka, hutiwa kwenye maji ya moto yenye rangi ya unga, ile inayouzwa madukani kwa vipakti vidogo. Mpishi wa rangi ni bibi mmoja mtu mzima ambaye wenzake wote humwachia kazi hiyo. Hapimi kwa mizani. Hutia kwa kijiko, huchovya chane moja, huinyanyua kuelekea mbinguni na kuizungusha kidoleni, kisha huamua.

Mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliagiza misala thelathini ya kuswalia yenye ukanda wa kijani pembezoni. Alitaka kijani kile kile cha msala wa zamani aliokuwa nao: kijani cha jani la mgomba lililokomaa, kilichotulia kidogo, kisichong'ara kama plastiki. Kwa kazi hiyo kikundi kilihitaji kilo 4 za ukindu wa kijani. Unga wa kijani haukupatikana wakati ule, lakini manjano na buluu vilikuwamo ndani ya kopo, kwa hiyo walikubaliana kuvichanganya.

Kilichotokea kwanza

Mnunuzi alianza kwa kutuma picha ya simu, na sufuria la kwanza lilipikwa kwa kufuata picha hiyo. Bibi alitia manjano, akaongeza buluu kidogo kidogo. Rangi ya mwanzo ilikuwa ya haradali. Alipozidisha buluu ikawa rangi ya nguo za jeshi. Wakaona imepooza, wakaongeza manjano ili iamke, ikazidi kuwa nzito. Wakarudisha buluu. Mwisho wa jioni walikuwa na kilo nzima ya ukindu wa kijani kilichokufa, karibu na kijivu cheusi.

Nilipofika, bibi aliniwekea chane hizo mkononi. "Mwalimu, manjano safi hii, na buluu safi hii, wewe mwenyewe ziangalie. Uchafu umetoka wapi?"

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, na jibu lake ndilo kiini cha kisa hiki. Kila rangi peke yake ilikuwa nzuri. Uchafu ulitoka pale zilipokutana.

Rangi mbili zinapokutana ndani ya chane

Mwanga mweupe wa jua tunaweza kuugawa, kwa hesabu za jikoni, katika kanda tatu: nyekundu, kijani na buluu. Chane ya ukindu isiyotiwa rangi hurudisha sehemu kubwa ya kanda zote, ila hula kidogo ile ya buluu, ndiyo maana tunaiona ina umanjano kwa mbali. Rangi tunayoipika haiongezi mwanga wowote. Kazi yake ni kufyonza. Manjano hufyonza kanda ya buluu, nayo rangi ya buluu hufyonza kanda nyekundu. Zikikaa pamoja ndani ya jani moja, kila moja hula chakula chake, na kinachotoka nje ni kile ambacho zote mbili zimekiacha. Ndiyo maana huitwa mchanganyo wa kupunguza.

Hapa pana jambo ambalo macho peke yake hayalioni. Kijani cha mchanganyo kimetengenezwa na kanda ya kijani iliyosazwa na rangi zote mbili. Buluu ikiwa inakula nyekundu pamoja na kijani kwa kiasi kinachokaribiana, sisi bado tutaiita buluu, kwa sababu buluu ndiyo iliyobaki. Lakini ukiileta kwenye manjano, manjano itaimaliza ile buluu, na hakutakuwa na kijani kilichosalia cha kuonekana. Utapata giza lenye ukijani kwa mbali. Pakiti mbili zinaweza kuandikwa jina moja na kuonekana ndugu juani, huku moja ikiwa na kijani ndani yake na nyingine haina.

Uchunguzi wa unga

Kabla ya hesabu yoyote tulifanya jaribio ambalo halihitaji chombo. Tulilowesha karatasi nyeupe ya shashi, tukaitandaza kwenye sahani, tukanyunyiza punje chache za unga kutoka kimo cha dhiraa moja. Kila punje ikianguka kwenye maji hufunguka doa lake. Manjano ilitoa madoa ya aina moja tu. Buluu ya kikundi ilitoa madoa ya aina mbili, mengi ya buluu na mengine ya urujuani. Kumbe pakiti ile yenyewe ilikuwa mchanganyiko tayari, na katika sufuria walikuwa wanapika rangi tatu wakidhani ni mbili. Urujuani ndio hasa unaokula kanda ya kijani.

Tukaizimua kila rangi kwenye glasi ya maji na kuiangalia dhidi ya jua. Rangi iliyokoza huficha tabia yake, ikizimuliwa husema. Buluu ya kikundi ilipozimuliwa ilielekea kwenye ua la yungiyungi. Bibi akasema hapo hapo kwamba ile aliyokuwa akiitumia miaka ya nyuma ilikuwa ikizimuliwa inaelekea bahari ya kina kifupi. Alikuwa anaijua tofauti hiyo kwa macho, ila pakiti ilipobadilika na jina likabaki, hakupata nafasi ya kuizimua peke yake.

Uamuzi wa kwanza basi ulikuwa kutafuta buluu nyingine. Mwanakikundi mmoja alikwenda Chake Chake na shashi yake, akaomba punje mbili tatu kwa kila muuzaji, akarudi na unga wa feruzi uliotoa madoa ya aina moja.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumwomba mnunuzi atume kipande cha msala wenyewe kwa boti. Picha haifai kwa kazi hii. Simu huamua yenyewe mwanga uwe wa ujoto gani na mara nyingi hukoza rangi ili picha ipendeze, halafu skrini ya anayepokea nayo ina yake. Kijani kilichoonekana katika simu ya kikundi kilikuwa kimeng'aa kuliko kipande kilichofika. Mnunuzi alisita, akihofia kuukata msala wake, hatimaye alichomoa chane chache upande wa chini.

Kupima

Tulitengeneza maji mama: gramu 10 za unga katika lita moja ya maji ya moto, kila rangi kwenye chupa yake, ikachujwa kwa kitambaa. Kwa hiyo kila mililita 100 ina gramu moja, na bomba la sindano lisilo na sindano linatosha kupimia. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani nusu gramu ya unga kwenye mizani ya jikoni ni bahati nasibu, lakini mililita 50 ni mililita 50.

Kila jaribio lilikuwa na gramu 50 za ukindu mkavu ndani ya lita moja ya maji, moto wa namna moja, muda wa namna moja, kisha kusuuzwa na kukaushwa kivulini. Tulipika sufuria moja kwa gramu moja ya manjano, moja kwa gramu moja ya ile buluu ya kikundi yenye urujuani, ambayo tangu hapa naiita buluu ya zamani, na moja kwa gramu moja ya feruzi.

Chane kavu zilibanwa kwenye ubao zikiwa zimegusana, pasiwe na upenyo, zikawekwa nje kivulini pamoja na karatasi nyeupe na kupigwa picha moja zote kwa pamoja. Picha hiyo hatukuitumia kumwonyesha mtu rangi, tulilinganisha vitu vilivyokaa pamoja chini ya mwanga mmoja, na hapo simu ina manufaa. Angalizo moja: namba za skrini, zinazoanzia 0 hadi 255, haziendi sawa na wingi wa mwanga. Namba 128 si nusu ya mwanga, ni karibu asilimia 22 tu. Lazima kwanza uigawe kwa 255 kisha uipandishe kwa kipeo cha 2.2, halafu ndipo ugawe kwa thamani ya karatasi nyeupe. Asiyefanya hivyo hesabu yake yote itapotoka.

Uakisi tulioupata, kwa asilimia, ulikuwa huu:

| | Nyekundu | Kijani | Buluu |
|---|---|---|---|
| Ukindu mtupu | 60 | 52 | 36 |
| Manjano | 56 | 42 | 6 |
| Buluu ya zamani | 10 | 12 | 30 |
| Feruzi | 5 | 24 | 30 |
| Sampuli ya mnunuzi | 12 | 31 | 8 |

Itazame safu ya katikati. Buluu ya zamani imeacha asilimia 12 ya kijani, feruzi imeacha 24, ingawa katika kanda ya buluu ziko sawasawa. Sampuli inataka 31.

Kutabiri kabla ya kuwasha moto

Mtu wa kawaida angechukua wastani: manjano ina nyekundu 56, buluu ya zamani ina 10, basi nusu kwa nusu itakuwa 33. Sivyo. Mwanga ukiingia ndani ya chane hugongana na nyuzi, hutawanyika na kupita kwenye rangi mara nyingi kabla ya kutoka, kwa hiyo rangi yenye kufyonza sana hutawala kuliko fungu lake. Kinachojumlika ni ufyonzaji, na uakisi wenyewe haujumliki. Njia ya kutoka kwenye kimoja kwenda kingine ilitolewa na Kubelka na Munk mwaka 1931, na bado ndiyo inayotumiwa viwandani kupatanisha rangi za vitambaa:

```
K/S = (1 - R)^2 / (2R)
R   = 1 + K/S - sqrt((K/S)^2 + 2*(K/S))
```

R ni uakisi ulioandikwa kama sehemu ya moja, K ni ufyonzaji na S ni utawanyaji. Katika ukindu, anayetawanya ni jani lenyewe, rangi haibadilishi jambo hilo kwa kiasi cha kutusumbua. Kwa hiyo kipimo cha K/S cha mchanganyiko ni kile cha jani tupu, kuongeza cha manjano kwa gramu zake, kuongeza cha buluu kwa gramu zake. Ni kujumlisha tu.

Nichukue kanda nyekundu kama mfano. Sampuli ina 12, yaani R ni 0.12, na K/S yake ni 3.23. Jani tupu, lenye 0.60, lina 0.13. Feruzi, yenye 0.05, ina 9.03, ukiondoa sehemu ya jani, gramu moja ya feruzi inaleta 8.89. Manjano katika kanda hii inaleta kiasi kidogo mno, kama 0.03 kwa dozi tutakayotumia. Basi linalotakiwa kutoka kwa feruzi ni 3.07, na 3.07 ukigawa kwa 8.89 unapata gramu 0.345.

Kanda ya buluu ndiyo inayoamua manjano, kwa hesabu ile ile: ilitoka gramu 0.68.

Sasa kanda ya kijani. Hii hatukuitumia kuamua chochote, kwa hiyo inabaki kuwa mtahini. Rangi mbili zina namba mbili tu za kuchezea, na sampuli ina kanda tatu. Mbili unaweza kuzilazimisha, ya tatu itakuambia kama rangi ulizonazo zinafaa. Kwa feruzi na manjano, jumla ya K/S katika kijani ilikuwa 0.68, ambayo ni uakisi wa asilimia 33. Sampuli ina 31. Tofauti ndogo, na iko upande mzuri, kama nitakavyoeleza.

Tukaifanyia buluu ya zamani mtihani huo huo. Kufikia nyekundu 12 ingehitaji gramu 0.78, na hapo kijani kingeshuka hadi 14. Tukiipunguza hadi gramu 0.14 ili kijani kibaki 31, nyekundu ingekuwa 32, yaani kanda hizo mbili ziko sawa, na jicho huiita hiyo haradali. Ukiweka gramu 0.4, katikati, unapata nyekundu 19 na kijani 20 na kidogo: nguo za jeshi. Yale yale yaliyotokea kwenye sufuria la kwanza, kwa mpangilio ule ule. Bibi aliponiona naandika haradali, jeshi, giza, akaweka kidole kwenye karatasi: "Hiyo ndiyo njia niliyopita miye jioni ile." Hakukuwa na kijiko cha kumwokoa. Kwa rangi zile mbili, kijani cha sampuli hakimo popote kwenye njia.

Marekebisho ya mwisho

Feruzi ilitabiriwa kutoa kijani 33 dhidi ya 31 ya sampuli, yaani king'avu kidogo kupita kiasi. Hapa ndipo buluu ya zamani, iliyokwisha kutuharibia sufuria, ilipopata kazi. Rangi iliyo safi kuliko sampuli unaweza kuituliza kwa chembe ya rangi yenye kula pale inapozidi. Iliyopooza kuliko sampuli huwezi kuiamsha, kwa sababu kila unachoongeza kinafyonza zaidi. Kwa hiyo anayechagua rangi mbili za kuanzia achague zile zinazotabiri usafi wa kuzidi.

Hesabu ilitupa, kwa kila gramu 50 za ukindu: manjano mililita 68, feruzi mililita 33, buluu ya zamani mililita 3. Utabiri wake ni 12, 31, 8. Tulipika jaribio dogo, tukalikausha, tukaliweka kando ya chane za mnunuzi. Lilikaribia sana, likiwa na ukijani wa majani kidogo zaidi, na bibi akapunguza manjano kwa mililita 2 kwa jicho lake. Jaribio lililofuata hakuna aliyeweza kulitenganisha na sampuli kivulini.

Wakati chane zikiwa mbichi, wawili kati ya akina mama walitaka kupunguza rangi, kwa sababu ilionekana imekoza mno. Tuliwaomba wasubiri. Maji yakijaza vijinafasi vya hewa ndani ya jani hupunguza utawanyaji, S inapungua na K/S inapanda, hivyo chane mbichi huwa nyeusi kuliko itakavyokuwa. Ikikauka, hewa inarudi na uakisi unapanda. Bibi naye haamui kwa uso wa chane mbichi peke yake: huizungusha mbinguni anapoipima, atazame na mwanga unaopenya.

Kwenye sufuria kubwa

Jaribio lilikuwa na lita moja kwa gramu 50. Kilo moja basi ilihitaji lita 20, na kilo 4 zingehitaji 80, chombo ambacho hakipo. Nilipendekeza masufuria manne ya kilo moja moja. Kuni ni ghali na maji yanabebwa kichwani, kwa hiyo kikundi kiliamua kupika kilo ya kwanza kwa lita 12, rangi zikiwa kwa kiasi kile kile. Ulikuwa uamuzi wenye sababu, na nisingeweza kuwaambia haina uzito.

Ilitoka imekoza kuliko jaribio na imeelekea manjano. Rangi mbili hazina uroho sawa wa jani. Feruzi huingia karibu yote mapema, na manjano huacha sehemu yake majini. Ukipunguza maji, ile iliyokuwa ikibaki majini ndiyo inayofaidika zaidi, kwa hiyo manjano ilipanda huku feruzi ikibaki ilipo. Dalili ilikuwa wazi kwenye maji ya mwisho: katika jaribio yalibaki na manjano ya chai nyepesi, safari hii yalikuwa karibu meupe.

Wangeweza kurudi kwenye lita 20, au kubaki na lita 12 na kupunguza manjano baada ya jaribio jipya la gramu 50 kwa mililita 600. Walichagua hili la pili ili kuokoa kuni, na naona walichagua vizuri. Manjano ilishuka kidogo, kilo tatu zilizofuata zikatoka pamoja. Jambo jingine walilolitunza ni kugeuza ukindu tangu mwanzo bila kuuacha. Feruzi inavyoingia haraka, chane zilizo chini ya sufuria huikamata kabla ya za juu kupata fungu, na manjano ikija baadaye unabaki na mabaka.

Matokeo

Misala yote thelathini ilipelekwa Unguja. Ile kilo iliyoelekea manjano ilichanganywa katika kusuka, chane moja ya sufuria hili na moja ya lile, na ukili ulipokamilika tofauti ilizama. Mnunuzi alikubali mzigo wote. Alitoa lalamiko moja: usiku, chini ya taa za duka lake, ukanda mpya ulionekana kuwa na ubuluu uliozidi kidogo ule wa msala wa zamani. Ukindu wa sufuria lililoharibika ulipikwa tena kwa rangi nyeusi na ukatumika kwa mistari myembamba ya mikeka mingine.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni jaribio la shashi pamoja na kuzimua, na kikundi kingeweza kufika kwenye feruzi kwa hayo mawili bila hesabu yoyote. Hesabu iliongeza jambo lingine: iliwaonyesha kwamba tatizo halikuwa uwiano. Bila hilo wangeendelea kubadilisha vijiko mpaka pakiti zikaisha.

Hesabu yenyewe ina udhaifu ambao ni muhimu kuujua. Kwanza, namba za giza haziaminiki. Manjano tuliisoma 6 katika kanda ya buluu. Kama kweli ilikuwa 4, K/S yake ingepanda kutoka 7.4 hadi 11.5, tofauti kubwa inayotokana na kosa la macho ya simu lisiloonekana. Marekebisho ya mililita 2 aliyofanya bibi huenda yalitokana na hapo. Dawa yake ni kupika majaribio ya rangi moja moja kwa dozi ndogo, nusu gramu badala ya moja, ili uakisi ubaki juu, kisha kuzidisha. Dozi nayo isizidishwe bila mpaka, kwani jani likishiba, gramu ya pili hailipi kama ya kwanza.

Pili, jani ni mshiriki wa tatu. Umanjano wa ukindu katika kanda ya buluu ulikuwa sawa na mililita 8 za maji mama ya manjano, na tulizipata bure. Katika kijani hilo halisumbui. Anayetaka samawati nyepesi atasumbuka, kwa sababu manjano ya jani itaivuta kila buluu kuelekea ukijani, na ukindu usiopauka vizuri utabadilisha rangi kutoka furushi hadi furushi. Kwa rangi nyepesi jani tupu lipimwe upya kila mzigo.

Tatu, lalamiko la taa. Kanda tatu ni muhtasari wa mwanga ambao kwa kweli ni mrefu na una vilima na mabonde mengi. Msala wa zamani ulitiwa rangi nyingine kabisa, na rangi mbili tofauti zinaweza kulingana chini ya jua na kuachana chini ya taa, kwa kuwa taa haitoi kila sehemu ya mwanga kwa wingi sawa na jua. Kikundi kilipatanisha kivulini mchana tu. Kuziangalia chane jioni chini ya balbu kungeonyesha tofauti hiyo mapema, na hapo mnunuzi angeulizwa msala utaonekana wapi zaidi, dukani au nyumbani karibu na dirisha. Kuiondoa kabisa isingewezekana bila kupata rangi zile zile za zamani.

Limebaki swali la jua. Rangi mbili hazififii kwa mwendo mmoja, na kijani cha mchanganyiko huelekea upande wa ile inayodumu. Kikundi kimefunga chane za sufuria la mwisho kwenye ubao, nusu zimefunikwa kwa gamba la boksi, zimewekwa dirishani upande wa machweo. Oda ijayo ya kijani hicho itasubiri ubao huo ufunguliwe, na manjano au feruzi itakayokuwa imekimbia ndiyo itakayotafutiwa mbadala kwa shashi ile ile.